Karthago: Mji Uliokabidhi Silaha Zake

Mwaka 149 kabla ya Kristo msafara mrefu wa magari ya kukokotwa ulitoka Karthago, ukaelekea kambi ya jeshi la Roma karibu na Utika, mji wa pwani ulio kaskazini yake. Magari yalibeba silaha. Mwanahistoria Apiano ameandika kwamba zilikuwa deraya na zana za kuwatosha watu 200,000, mikuki na mishale isiyohesabika, pamoja na mitambo 2,000 ya kurushia mawe. Huenda hesabu hiyo imetiwa chumvi, maana waandishi wa zamani hawakuwa wachoyo wa namba, lakini tukio lenyewe halina utata. Pamoja na magari walikwenda wazee wa baraza, makuhani na watu wenye majina mjini. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuwatoa watoto 300 wa familia kubwa wawe mateka.

Konsuli Kensorino, mmoja wa viongozi wawili wa jeshi lile, aliwasifu kwa utii wao. Kisha akawasomea sharti la mwisho. Wakarthago wote wauhame mji wao na kujenga mwingine popote wapendapo katika nchi yao, mradi uwe maili kumi kutoka baharini, yaani kama kilomita 15. Mji wa zamani ungebomolewa.

Sharti hilo lilitolewa kwa watu ambao, tangu mababu zao Wafoinike walipotoka Tiro na kuanzisha mji huo, mwaka 814 kwa mujibu wa mapokeo, hawakuwa na kazi kubwa kuliko bahari. Karthago ilikaa kwenye rasi karibu na Tunis ya leo, mahali ambapo Bahari ya Kati inabanwa kati ya Afrika na Sisilia, na kila chombo kilichotoka mashariki kwenda magharibi kilipita jirani. Fedha na bati vilitoka Hispania, mvinyo na mafuta vilikwenda kila upande, na mashamba ya ndani yalilisha mji. Haikuwa na mfalme. Kila mwaka raia walichagua viongozi wakuu wawili, walioitwa sufeti, wakitawala pamoja na baraza la wazee na mkutano wa raia. Aristotle, ambaye kwa kawaida hakuwasifu watu wasio Wagiriki, aliiweka katiba ya Karthago miongoni mwa zile zilizofaa kuigwa.

Kwa zaidi ya miaka 200 mji huo na Roma havikuwa na ugomvi. Vilifunga mikataba, ule wa kwanza karibu mwaka 509 kwa hesabu ya Polibio, ambaye ndiye shahidi wetu mkuu wa habari hizi. Roma ilikuwa na nchi kavu ya Italia, Karthago ilikuwa na bahari, na kila mmoja aliona ya mwenzake hayamhusu.

Kilichovunja utaratibu huo ni genge la askari wa kukodiwa. Wapiganaji fulani kutoka kusini mwa Italia, waliojiita Wamamertini, waliuteka mji wa Messana kwenye ncha ya Sisilia, wakawaua wanaume na kugawana mali. Mfalme Hiero wa Sirakusa alipowabana, baadhi yao waliomba msaada Karthago na wengine Roma. Wakarthago walitangulia kuweka kikosi mjini. Roma ilisita, kwa sababu muda mfupi kabla yake ilikuwa imewaua askari wake yenyewe kwa kosa lile lile, la kuuteka mji wa Regio upande wa pili wa mlango wa bahari. Lakini mlango huo, mahali pembamba kabisa, una upana wa kama kilomita tatu tu. Warumi waliogopa kuona bendera ya Karthago kutoka dirishani, na Polibio hafichi kwamba makonsuli waliwaahidi raia ngawira nyingi. Mwaka 264 jeshi likavuka.

Pengine hakuna upande uliodhani kwamba vita hivyo vingechukua miaka 23.

Roma haikuwa na meli kubwa za kivita. Inasimuliwa kwamba Warumi waliikuta meli ya Karthago imekwama ufukweni, wakaifanya kielelezo, na kwa muda wa siku 60 hivi wakaunda meli 100 za namna hiyo, huku wapiga makasia wakifundishwa kwenye mabenchi nchi kavu. Kwa muda mrefu habari hii ilionekana kama hadithi ya kujisifu. Kisha mnamo mwaka 1971 baada ya Kristo watafiti walianza kuchimbua meli ya Kipuni iliyozama karibu na Marsala, magharibi mwa Sisilia. Kwenye mbao zake waliona herufi za Kifoinike zilizopakwa kwa rangi, zikionyesha ubao gani unaungana na upi. Meli zilikuwa zinachongwa vipande vipande kwa mfano mmoja na kuunganishwa baadaye. Mtu aliyeinyakua meli ya aina hiyo alikuwa ameipata pamoja na maelekezo yake.

Lakini ufundi peke yake hauelezi ushindi. Mwaka 255 kundi la meli za Roma lilipigwa na dhoruba kusini mwa Sisilia, na kwa hesabu ya Polibio, kati ya meli 364 zilisalia 80. Dola nyingi za zama zile zingeomba amani siku ya pili. Roma ilikata miti mingine. Mwishoni hazina yake ilikauka kabisa, ndipo raia matajiri walipochanga wenyewe, mmoja mmoja au wawili watatu kwa meli moja, kwa ahadi ya kulipwa wakishinda. Meli hizo 200 ndizo zilizoisubiri Karthago kwenye visiwa vya Egadi mwaka 241. Karthago, iliyokuwa imepunguza gharama za majini, ilituma meli zilizosheheni nafaka na mabaharia wasiozoea kazi. Tangu miaka ya 2000 wapiga mbizi wameopoa huko zaidi ya pembe 20 za shaba zilizofungwa mbele ya meli kwa ajili ya kugongea. Baadhi zina majina ya maofisa wa Roma waliozikagua. Nyingine ina dua ya Kipuni kwa mungu Baali.

Hapa ndipo tofauti ya dola hizi mbili inapoonekana wazi. Karthago ilipigana kwa fedha. Wanajeshi wake walikuwa Walibya, Waiberia, Wanumidia na warusha teo wa visiwa vya Baleari, wengi wao wakipigania ujira. Roma haikuwatoza kodi washirika wake wa Italia, iliwadai watu. Kila mji uliofungamana nayo ulitoa vijana kila mwaka ulipoitwa, na Polibio anasema kwamba mwaka 225 idadi ya watu walioweza kushika silaha Italia ilizidi 700,000. Mfanyabiashara anaposhindwa mara tatu hupiga hesabu na kuuliza kama vita bado vina faida. Roma haikuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa gharama yake kubwa ilikuwa damu, na damu ya washirika ilikuwa nyingi.

Karthago iliiacha Sisilia na kukubali kulipa talanta 3,200 za fedha kwa miaka kumi. Talanta moja ni kama kilo 26. Kwa sababu ya deni hilo, baraza lilijaribu kuwapunguzia ujira askari waliorudi kutoka vitani. Wakaasi, Walibya waliochoshwa na kodi wakajiunga nao, na maasi hayo yakakaribia kuumaliza mji. Wakati Karthago ingali inahema, Roma ikainyakua Sardinia na kudai talanta 1,200 zaidi, ikitishia vita. Polibio aliipenda Roma na kuishi na wakubwa wake, lakini alipofika hapo aliandika kwamba hakuona sababu yoyote ya haki.

Tusipoelewa chuki ya Sardinia hatutamwelewa Hanibali. Baba yake, Hamilkari Barka, alihamia Hispania mwaka 237 kutafuta fedha ya migodini na askari wapya. Kutoka huko mwanawe aliuzingira mji wa Sagunto, rafiki wa Roma, mwaka 219, akauteka baada ya miezi minane. Mwaka uliofuata akavuka milima ya Alpi na tembo wake, akashuka Italia na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 6,000 tu, hesabu ambayo yeye mwenyewe aliichora kwenye bamba la shaba ambalo Polibio alilisoma.

Vita vyake vimeandikwa mno, kwa hiyo hapa inatosha kusema kile alichokosea. Huko Kanae, Agosti 2, 216, alilizunguka jeshi kubwa kuliko lake na kuua, kwa makadirio ya chini ya waandishi wa kale, zaidi ya watu 45,000 kwa siku moja. Kisha alituma ujumbe Roma kuzungumzia mateka. Kwa desturi ya Bahari ya Kati wakati ule, dola iliyopigwa namna hiyo hukaa mezani. Seneti ilikataa kuwakomboa hata askari wake na ikamfukuza mjumbe. Miji kadhaa ya kusini ilimfuata Hanibali, lakini sehemu kubwa ya washirika wa katikati haikutikisika, na alikaa Italia mpaka mwaka 203 akishinda mapigano na kupoteza vita. Huku nyuma Publio Skipio aliichukua Hispania pamoja na migodi yake, akamvuta upande wake Masinisa, mwana wa mfalme wa Wanumidia, akavuka Afrika. Huko Zama, mwaka 202, wapanda farasi wa Masinisa ndio waliorudi na kumpiga Hanibali mgongoni.

Wasomaji wengi huishia hapo, kana kwamba yaliyobaki ni mkia tu. Lakini Karthago haikufa Zama. Ilikufa miaka 56 baadaye, na kilichoiua kimeandikwa katika mkataba wa mwaka 201.

Baadhi ya masharti yake yalikuwa ya kawaida kwa aliyeshindwa. Meli za kivita zisizidi kumi, tembo wote watolewe, na fidia ya talanta 10,000, karibu tani 260 za fedha, ilipwe kidogo kidogo kwa miaka 50. Sumu ilikuwa katika vifungu viwili vilivyoonekana vidogo. Kimoja kiliizuia Karthago kupigana vita yoyote barani Afrika bila idhini ya Roma. Kingine kiliitaka imrudishie Masinisa nchi na miji yote ambayo ilipata kuwa yake au ya mababu zake. Mipaka ya nchi hizo haikutajwa mahali popote.

Masinisa alivielewa vifungu hivyo kuliko aliyeviandika. Alikuwa akivamia shamba au mji, akidai kwamba babu yake alipata kufunga farasi pale. Karthago haikuruhusiwa kumfukuza, kwa hiyo ilipeleka malalamiko Roma. Roma ilituma wajumbe, wajumbe walitembea, walisikiliza, kisha waliamua kwa faida ya mfalme au waliondoka bila kuamua, na kutoamua kulimwacha aliyevamia pale pale alipo. Mfano mzuri ni ukanda wa pwani ulioitwa Emporia, kwenye ghuba iliyo kusini mashariki mwa Karthago. Livio anasema mji mmoja tu wa huko, Lepti, ulilipa Karthago talanta moja kila siku. Masinisa aliutaka ukanda huo, akauvamia, na baada ya ubishi wa miaka, Roma iliamua kwamba ni wake. Isitoshe, Karthago iliamriwa kumlipa talanta 500 kwa mapato iliyokuwa imeyakusanya huko tangu mzozo ulipoanza.

Ajabu ni kwamba mji ulizidi kutajirika. Hanibali mwenyewe, alipochaguliwa sufeti mwaka 196, alizikagua hesabu za serikali, akagundua kwamba wakubwa walikuwa wanaiba, na kuonyesha kwamba fidia ingeweza kulipwa bila kodi mpya. Wakubwa hao walimchongea Roma, akakimbilia mashariki. Lakini hesabu zake zilikuwa sahihi: mwaka 191, miaka kumi tu baada ya mkataba, Karthago ilitaka kulipa deni lote lililobaki kwa mkupuo. Roma ilikataa. Fedha haikuwa shida yake. Deni linalolipwa kila mwaka humkumbusha mdaiwa nafasi yake kila mwaka.

Kuna ushahidi mwingine wa utajiri huo, nao unaleta maswali magumu. Karthago ilikuwa na bandari mbili zilizochimbwa, ya biashara yenye umbo la mstatili, na nyuma yake ya kivita yenye umbo la duara, na kisiwa katikati. Apiano anasema bandari ya duara ilikuwa na vibanda vya meli 220. Wachimbuaji waliofanya kazi hapo miaka ya 1970 walikuta misingi ya vibanda hivyo, wakakadiria kwamba vilitosha kama meli 170, na vyungu vilivyopatikana vinaonyesha kwamba ujenzi ulifanyika katika karne ya pili kabla ya Kristo, yaani baada ya Zama. Mji ulioruhusiwa meli kumi ulijenga nafasi ya meli 170. Vibanda vitupu haviwezi kupigana, na hakuna dalili kwamba vilijaa. Lakini mjumbe wa Roma aliyepita hapo hakuwa na sababu ya kuona vizuri.

Mmoja wa wajumbe hao alikuwa Kato, mzee aliyepigana na Hanibali ujanani. Alifika mwishoni mwa miaka ya 150 kusuluhisha ugomvi mwingine wa Masinisa, akakuta mji umejaa vijana, mbao za kuundia meli na fedha. Aliporudi, anasimulia Plutarko, alidondosha tini mbichi kutoka katika vazi lake mbele ya Seneti, na waliposifu ukubwa wake akasema nchi inayozizaa iko safari ya siku tatu tu kwa meli. Tangu hapo kila hotuba yake, hata iwe ya mambo gani, aliimalizia kwa kutaka Karthago iangamizwe. Alipingwa na Skipio Nasika, aliyeona kwamba Roma bila mshindani wa kuogopa ingelegea.

Mwaka 151 Karthago ilikamilisha fidia. Karibu na wakati huo huo Masinisa, aliyekuwa na miaka karibu 90 na bado anapanda farasi, aliuzingira mji wake mwingine. Safari hii Karthago ilichoka kupeleka malalamiko. Ilituma jeshi bila idhini, jeshi likashindwa na kuteketea kwa njaa, na Roma ikapata ilichokuwa inakitafuta: kifungu kilichovunjwa.

Wanahistoria bado wanabishana kuhusu nia. Wako wanaosema ni hofu, wengine ni tamaa ya mashamba na ya sherehe za ushindi kwa makonsuli, na wengine kwamba Roma iliogopa Masinisa asijeichukua Karthago na bandari zake akawa mkubwa mno. Tukipima mambo, inaelekea uzito mkubwa uko katika tarehe. Maadamu fidia ililipwa, Roma ilikuwa na kamba ya kumshikia mshindwa. Mwaka 151 kamba hiyo iliisha, na upande wa pili alibaki mji tajiri, wenye bandari mpya, usiodaiwa tena.

Wajumbe waliotoka Utika na amri ya kuhama walipofika mjini, baadhi waliuawa na watu wenye hasira. Kisha malango yakafungwa. Mahekalu na viwanja viligeuzwa karakana, wanaume kwa wanawake wakifanya kazi kwa zamu usiku na mchana. Apiano anataja ngao 100 na panga 300 kwa siku, pamoja na mikuki na makombora ya mitambo. Mitambo hiyo huendeshwa kwa kamba zilizosokotwa na kukazwa, na kamba hazikuwepo, kwa hiyo wanawake walikata nywele zao. Watumwa waliachwa huru. Hasdrubali, jemadari aliyehukumiwa kifo kwa kushindwa na Masinisa, aliombwa msamaha na kupewa jeshi la nje ya mji.

Roma ilidhani kazi ni ya wiki chache. Ilichukua miaka mitatu. Mwaka 147 wapiga kura walimpa ukonsuli Skipio Emiliano, mjukuu wa kulea wa mshindi wa Zama, ingawa hakuwa ametimiza umri wa kisheria. Yeye aliamua kuufunga mdomo wa bandari kwa tuta la mawe makubwa. Waliozingirwa, watoto wakiwa miongoni mwa wachimbaji, walitoboa kwa siri njia mpya ya kutokea baharini, na asubuhi moja Warumi waliona meli 50, zilizoundwa kwa mbao kuukuu, zikitoka mahali pasipokuwa na mlango. Kama zingeshambulia saa ile, meli za Roma zilizokuwa zimelala bila watu zingekwisha. Zilijionyesha tu, zikarudi. Siku ya tatu zilipotoka kupigana, Warumi walikuwa tayari.

Njaa ilifanya kazi majira yote ya baridi. Mwaka 146 Skipio aliingia kupitia bandarini. Kutoka hapo kwenda kwenye ngome ya kilima cha Birsa kulikuwa na mitaa mitatu, yenye nyumba zinazofikia ghorofa sita, na kila nyumba ilipiganiwa. Askari waliteka jengo moja, wakalaza mbao juu ya paa na kuvuka kwenda la pili. Ilichukua siku sita, kisha watu 50,000 walitoka ngomeni na kuomba wasiuawe. Wakauzwa utumwani. Hasdrubali alijisalimisha, mkewe, akiwa juu ya hekalu linalowaka, alimlaani, akajitupa motoni na watoto wao. Polibio alikuwepo, amesimama karibu na Skipio, na ndiye aliyeandika kwamba jemadari alilia, akifikiri kwamba siku moja Roma nayo itafikia hapo.

Habari ya kwamba Warumi walimwaga chumvi ili ardhi isizae haimo katika maandiko yoyote ya kale, na iliongezwa na waandishi wa zama zetu. Kwa kweli haingekuwa na maana, maana ardhi ndiyo iliyotakiwa. Seneti iligawa maktaba za Karthago kwa wakuu wa Numidia, ikabakiza kitabu kimoja, juzuu 28 za Mago kuhusu kilimo cha mizabibu, mizeituni na ufugaji, na kuamuru kitafsiriwe kwa Kilatini. Utika, iliyojisalimisha mapema, ilipewa sehemu ya mashamba na kuwa makao ya gavana wa jimbo jipya lililoitwa Afrika. Karne moja baadaye Juliasi Kaizari na Augusto waliwaleta walowezi wao kwenye rasi ile ile, na Karthago ya Kirumi ikawa moja ya miji mikubwa kabisa ya dola hiyo, ikipakia nafaka kwenda kuilisha Roma.